Urasmi na heshima: kuchagua maneno kwa mzee, rika na ofisa

Katika ufundishaji wa Kiswahili, rejista za mazungumzo hupangwa mara nyingi kwenye mstari mmoja. Upande mmoja kuna lugha rasmi ya ofisini, bungeni na darasani. Upande wa pili kuna lugha ya kijiweni na ya nyumbani. Mwanafunzi huambiwa kwamba kadiri anayezungumza naye anavyostahili heshima zaidi, ndivyo asogee upande wa urasmi. Ushauri huo humfaa mtu anayeandika barua, lakini humpotosha anayezungumza. Katika mazungumzo ya pwani ya Tanzania, urasmi na heshima ni mambo mawili: neno linaweza kuwa rasmi na likakosa heshima, na sentensi inaweza kuwa ya nyumbani kabisa ikawa imejaa heshima.

Maneno mawili yanatosha kuonyesha tofauti hiyo. *Mimba* ni neno la sheria na la vitabu vya afya. Hata hivyo, mbele ya mama mwenyewe au wazazi wake, mtu mwenye adabu husema *ujauzito* au *mama mjamzito*. Vivyo hivyo, hati inayotolewa na RITA huitwa *cheti cha kifo*, na jina hilo ni rasmi bila shaka. Lakini hakuna anayemwendea mfiwa na kumuuliza habari za kifo au kumwambia kwamba mumewe amekufa. Husemwa *msiba*, *marehemu*, *amefariki* au, kwa wazee wa pwani, *ametangulia mbele ya haki*. Neno halibadilishwi hapa kwa kuwa mahali pamekuwa rasmi zaidi. Linabadilishwa kwa sababu ya mtu anayelisikia.

Haja moja, watu watatu

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa ni mji mkongwe wa pwani ya Mrima na pia ni makao ya wilaya. Mtu huweza kutoka barazani kwa jirani mzee na baada ya hatua chache akajikuta mbele ya meza ya serikali. Chukulia binti wa miaka 22, mkazi wa kata ya Dunda, anayehitaji barua ya utambulisho ili afungue akaunti benki. Ana maombi matatu: rafiki yake amsindikize, jirani yake mzee ampeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji asiyemfahamu, na mtendaji wa kata ampe barua.

Kwa rafiki, mazungumzo ni mafupi:

— Mambo, shoga?
— Poa.
— Nisindikize basi kwa mtendaji, sichelewi.

Kitenzi kimekuja katika umbo la amri, nacho hakiudhi. *Basi* inalainisha, na *sichelewi* inatoa sababu ya kukubali. Kama angesema *Ninakuomba unisindikize, tafadhali*, rafiki angejiuliza kama wamekosana, kwa kuwa maneno ya mbali huashiria umbali. *Shoga* hapa ni neno la kale la pwani la wanawake wanaoitana marafiki. Kwa kuwa leo neno hilo hutumika pia kwa maana nyingine isiyopendwa na wengi, mgeni asilitumie mpaka alisikie likitumiwa na wenyewe.

Kwa jirani mzee, ombi lenyewe huchelewa kufika:

— Hodi, babu.
— Karibu.
— Shikamoo, babu.
— Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?
— Sijambo. Habari za tangu jana?
— Njema.
— Bibi hajambo?
— Hajambo, yupo uani.
— Babu, nina shida kidogo.
— Sema, mjukuu wangu.
— Nilikuwa naomba unipeleke kwa mwenyekiti. Akikuona, atanijua.

Hakuna neno hata moja hapa lisilotumika nyumbani. Heshima imebebwa na vitu vinne: maamkizi yaliyokamilika, jina la ukoo linalorudiwa, tangazo la shida linalompa mzee nafasi ya kuruhusu ombi, na wakati uliopita katika *nilikuwa naomba*. Umbo hilo halimaanishi kwamba ombi limepita. Linalirudisha nyuma hatua moja, ili mzee aweze kukataa bila kumwaibisha mwombaji.

Ofisini mambo hugeuka:

— Habari za kazi, mtendaji?
— Salama. Karibu, ukae.
— Ahsante. Mimi ni mkazi wa hapa Dunda. Nimefika kuomba kupatiwa barua ya utambulisho kwa ajili ya kufungua akaunti benki.
— Umepita kwa mwenyekiti?
— Ndiyo, barua yake hii hapa.

Maamkizi yamekuwa mafupi kwa sababu kuna wengine wanaosubiri. Mwombaji amejieleza yeye ni nani, anataka nini na kwa ajili gani. Lakini kilicho muhimu zaidi kwa mwanafunzi wa sarufi ni *kupatiwa*. Katika kauli hiyo ya kutendwa, mtoaji hatajwi. Barua inatoka ofisini, haitoki mfukoni mwa mtendaji, na anayeiomba haombi fadhila. Kwa mzee ni kinyume: *unipeleke* inamtaja mtendaji wa tendo, kwa kuwa fadhila ni yake mwenyewe na inafaa ionekane kuwa yake. Mtu akimwambia babu *naomba kupatiwa msaada wa kupelekwa*, atakuwa amemgeuza mzee kuwa ofisi. Hilo ndilo kosa la kawaida la wanafunzi waliojifunza Kiswahili darasani: wanamheshimu mzee kwa urasmi, naye anausikia kama ubaridi.

Umri na cheo vinapopingana

Shikamoo hufuata umri. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba asili yake ni kushika mguu wa mkubwa, na jibu lake, *marahaba*, hutoka kwa mkubwa pekee. Wakiamkiwa wengi, husemwa *shikamooni*. Ugumu huja pale mtendaji wa miaka 30 anapomhudumia mzee wa miaka 70. Kwa adabu ya pwani, mtendaji ndiye anayepaswa kutoa shikamoo, hata akiwa nyuma ya meza yake, kisha kazi ya ofisi ifuate. Wapo wazee wanaomtangulia kijana kwa *habari za kazi*, nao kwa kufanya hivyo humpa njia ya kutoka: anaweza kujibu *shikamoo, mzee* na mambo yakakaa sawa. Akijibu *salama* tu na kuendelea kuandika, hajavunja kanuni yoyote ya lugha rasmi, lakini mzee ataondoka na neno la kusimulia.

Wapo pia wanaompa mkubwa wa kazi shikamoo ingawa umri wake ni mdogo. Mfasiri akikutana na hali hiyo katika tamthilia au mahojiano, asiichukue kama maamkizi ya kawaida, kwa maana mara nyingi hueleza unyenyekevu, hofu au kejeli. Tahadhari nyingine ni ya pengo dogo la umri. Mwanamke aliyemzidi msemaji miaka mitano anaweza kuudhika kwa shikamoo, kwani imemzeesha; *habari, dada* inatosha. Kwa sababu hiyohiyo, *bibi* lihifadhiwe kwa aliye na umri wa kuwa bibi, na walio katikati waitwe *mama* au *shangazi*. Nchini Kenya kuna hatari nyingine, kwani huko *bibi* katika mazungumzo ya kila siku ni mke.

Majina ya kuitana

*Mheshimiwa* ni la diwani, mbunge, hakimu na mkuu wa wilaya. Kulitumia kwa karani ni kumcheka au kumbembeleza. Askari ni *afande*. Mtendaji, mwalimu na daktari huitwa kwa kazi zao. *Ndugu*, lililotumika sana kama jina la usawa enzi za TANU, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bado lipo katika barua na mikutano, lakini mtu akimwita mzee *ndugu* barazani, atakuwa amejiweka rika lake.

Neno moja linaweza pia kubadilika kulingana na anayelisema. *Mwanangu* kutoka kwa mzee ni upole wa mzazi. Kutoka kwa kijana kwenda kwa kijana mwenzake ni *rafiki yangu* ya mtaani. Kutoka kwa kijana kwenda kwa mzee ni utovu wa adabu.

Wanafunzi wanaotoka katika lugha zenye kiwakilishi cha heshima hutafuta umbo kama hilo katika Kiswahili, na hulipata kimakosa katika *nyinyi*. Kumwambia mzee mmoja *mnaendeleaje?* ni kumuuliza yeye na watu wa nyumbani kwake. Kiwakilishi cha mzee ni *wewe* kama cha mtu mwingine, na mara nyingi huachwa kwa kuwa kiambishi cha kitenzi kinatosha. Kinachokatazwa ni kumwita kwa *wewe!* badala ya jina la heshima. Vilevile, akiita mkubwa, mwanamume huitika *naam* na mwanamke *abee*, *nini?* ni jibu la ugomvi.

Neno *tafadhali* linahitaji uangalifu pia. Vitabu hulipa kazi ya kulainisha ombi, lakini katika mazungumzo ya Tanzania kazi hiyo hufanywa zaidi na *naomba* na *samahani*. *Tafadhali* ikitamkwa kwa mkazo peke yake ni onyo: acha hayo.

Dalili za kukosea

Watu wa pwani hawasahihishi mgeni waziwazi, hivyo dalili hutafutwa katika majibu. Mzee anayesema *marahaba* kabla ya kuamkiwa anamkumbusha kijana kwamba hajaamkia. Anayeuliza *mtoto wa nani wewe?* huenda hatafuti ukoo, bali anauliza adabu ilifundishwa wapi. Rika akijibu kwa maneno yaliyonyooka kupita kawaida, ameona umbali naye ameurudisha. Ofisa akikatiza maamkizi kwa *enhe, nikusaidie nini?*, maamkizi yamezidi kipimo cha ofisi.

Kwa mfasiri na mwalimu, hatua ya kufuata ni kuuliza maswali mawili kwa mpangilio huu. Kwanza, anayeambiwa ni nani kwa anayesema: mkubwa, rika au mdogo? Jibu huamua maamkizi, jina la kuitana na tasfida. Pili, kinachoombwa ni cha mtu au cha ofisi? Jibu huamua kitenzi: *unipe* au *kupatiwa*. Mzee aliye pia mwenyekiti wa kitongoji hupewa majibu yote mawili, shikamoo ya umri wake kwanza na kauli ya ofisi baadaye, katika mazungumzo yaleyale.