Kiini cha uamuzi

Wakili msimamizi akimpa mwanafunzi wa fildi hukumu na kumwambia amwandalie dokezo la kurasa mbili, hatafuti kusimuliwa kesi. Hadithi ataisoma mwenyewe. Anachotaka ni sentensi moja au mbili zenye hoja ya kisheria iliyoibeba hukumu ile, hoja anayoweza kusimama nayo mbele ya hakimu. Mawakili wetu wameizoea kwa jina la Kilatini, resho desidendai, au resho tu. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika dokezo leo anahitaji kuitaja resho kwa Kiswahili, tena kwa namna ambayo msimamizi wake ataielewa mara moja.

Wapo wanaosema "sababu za uamuzi". Ni tafsiri ya karibu sana na Kilatini, lakini inapotosha. Hukumu yoyote huwa na sababu nyingi, na hakimu anatakiwa kuziandika. Resho ni sehemu ndogo tu ya hizo. "Kiini cha hukumu" inakaribia zaidi, ila katika lugha ya mahakama zetu hukumu ni ile inayomaliza shauri, ilhali uamuzi mdogo uliotolewa katikati ya kesi nao unaweza kubeba kanuni nzito. Ndiyo maana mimi nachagua "kiini cha uamuzi". Kasoro yake ni kwamba msomaji mgeni anaweza kudhani kiini ni matokeo, yaani nani kashinda na kaamriwa nini. Hiyo ni amri, na kwenye dokezo ina mahali pake. Kiini ni ile hoja ya kisheria ambayo ukiiondoa, amri inabaki hewani.

Kipimo chake ni cha zamani. Mwalimu wa sheria wa Marekani, Eugene Wambaugh, alikieleza mwishoni mwa karne ya 19: chukua hoja unayodhani ni kiini, igeuze iwe kinyume chake, kisha jiulize kama mahakama ingefika palepale. Ikiwa ingefika, hiyo si kiini; ni maoni ya pembeni, yale ambayo mawakili huyaita obita.

Tukijaribu kwa kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, tutaona kazi ilivyo. Mwanamke wa Kihaya wilayani Muleba alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ulipomwendea na hana wa kumtunza, Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mauzo ni batili, kwa kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua, naye akakata rufaa Mahakama Kuu.

Mila hiyo ilikuwa imeandikwa. Kanuni ya 20 ya urithi, katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Upande wa pili ilisimama Katiba, ambayo ibara yake ya 13(4) inakataza ubaguzi, na Hati ya Haki ilikuwa imeanza kutumika mahakamani miezi michache tu kabla ya mauzo, Machi 1988. Daraja kati ya hivyo viwili lilikuwa kifungu cha 5(1) cha Sheria Na. 16 ya mwaka 1984, kilichozipa mahakama mamlaka ya kuzisoma sheria zilizokuwapo kwa marekebisho yatakayozioanisha na Katiba. Jaji akaisoma kanuni ya 20 hivyo: wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Mauzo yakawa halali. Mrufani akapewa miezi 6 kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi zile 300,000, la sivyo libaki la mnunuzi.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba kiini ni "wanawake wana haki sawa na wanaume", au atanukuu maneno ya Mwalimu Nyerere na mikataba ya kimataifa ambayo jaji aliitumia. Pitisha kipimo. Ondoa mikataba, ibara ya 13(4) inabaki na matokeo hayabadiliki. Mwondoe Nyerere, ni vilevile. Lakini sema kwamba kifungu cha 5(1) hakiiruhusu mahakama kuirekebisha kanuni ya mila, na mauzo yanakufa palepale. Hapo umekigusa kiini.

Kuna cha pili, ambacho madokezo mengi hukisahau. Jaji alisema pia kwamba ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mtu baki bila ridhaa ya ukoo, mwanaukoo anaweza kuikomboa kwa kulipa bei ya mauzo, na kwamba sharti hilo sasa linawahusu wanaume na wanawake sawasawa. Geuza hoja hiyo, na ile amri ya miezi 6 haina pa kusimama. Hiki nacho ni kiini. Mteja aliyeambiwa "umeshinda, umeuza" bila kuambiwa habari ya ukombozi ana haki ya kumlaumu wakili wake.

Sehemu ngumu ni maneno mawili, "kurithi na kuuza". Katika shauri hili urithi haukubishaniwa. Mwanamke alikuwa na wosia. Kilichobishaniwa ni kuuza. Basi nusu ile ya kurithi inaelekea kuwa maoni ya pembeni, na ndivyo ilivyo kauli ya jaji kwamba kanuni za Bukoba za mwaka 1944 ni batili: hizo zilihusu ardhi ambayo baba aliipata mwenyewe, na hii ilikuwa ya ukoo.

Sasa tuseme mteja wa ofisi ni binti ambaye baba yake amefariki bila wosia, na kaka zake wamemnyima shamba la ukoo. Aya ya dokezo ingesomeka hivi:

"Kiini cha uamuzi: kwa kutumia kifungu cha 5(1) cha Sheria Na. 16 ya 1984, mahakama inaweza kuirekebisha kanuni ya mila inayombagua mwanamke katika kuuza ardhi ya ukoo ili iendane na ibara ya 13(4) ya Katiba; ardhi hiyo ikiuzwa nje ya ukoo bila ridhaa, inaweza kukombolewa kwa bei ya mauzo. Kauli kuhusu kurithi ni maoni ya pembeni. Itatufaa kwa mlinganisho, kwa kuwa kanuni iliyorekebishwa ni ileile na sababu ni ileile, lakini tusiiwasilishe kana kwamba ilikwisha kuamuliwa."

Upana wa sentensi ya kwanza umepimwa. Ukiandika "mwanamke wa Kihaya wa Muleba mwenye wosia", hutaweza kuitumia kesi hii popote. Ukiandika "mila zote za kibaguzi ni batili", wakili wa upande wa pili atakuuliza jaji alibatilisha wapi, maana kanuni ya 20 aliirekebisha tu.

Tahadhari kuhusu kurithi haikuwa ya bure. Wajane wawili kutoka Shinyanga walipoziomba mahakama ziziondoe kanuni za urithi za Tamko hilohilo la 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzifuta, na rufaa yao ikaanguka mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Walipata ushindi mwaka 2015 nje ya nchi, mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Uamuzi wa Mwalusanya unazifunga mahakama za mwanzo na za wilaya, ila jaji mwingine wa Mahakama Kuu huupokea kama ushawishi tu. Mstari huo nao uandikwe kwenye dokezo, chini kabisa ya kiini, pamoja na mwaka wa kesi ya wajane.