Akiba Ipi Ni ya Kielekezi? Kupima Mgawanyo wa Maswali kati ya Modeli Ndogo na Kubwa

Wanaogawa maswali kati ya modeli mbili za lugha, mepesi kwa ndogo ya bei nafuu na magumu kwa kubwa ya bei ghali, kwa kawaida hutangaza akiba kwa hesabu moja tu: gharama ya sasa hulinganishwa na ile ambayo ingelipwa kama maswali yote yangepelekwa kwa modeli kubwa. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo haipimi kazi ya kielekezi, yaani programu inayosoma swali na kuamua liende wapi. Kielekezi kinachopiga kura bila kusoma chochote nacho kitaonyesha akiba nono, kwa sababu kila swali linaloangukia modeli ndogo hupunguza malipo, liwe limejibiwa vizuri au ovyo.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Kuna maswali 1,000. Modeli ndogo hutoza kipimo 1 kwa swali na kujibu sawasawa asilimia 70. Kubwa hutoza 20 na kupata asilimia 90. Kielekezi kinapeleka maswali 600 kwa ndogo na 400 kwa kubwa, na usahihi wa jumla unakuwa asilimia 84. Gharama ni 8,600 badala ya 20,000, na anayeandika ripoti atasema tumeokoa 11,400, yaani asilimia 57.

Sasa tupige kura. Mgawanyo uleule wa 600 kwa 400, ukifanywa kwa nasibu, ungetupa usahihi wa asilimia 78. Ili bahati tupu ifikie asilimia 84, ingebidi maswali 700 yaende kwa modeli kubwa, na gharama ingekuwa 14,300. Kwa hiyo akili ya kielekezi imeokoa 5,700 tu. Nusu nyingine ya akiba tuliyoitangaza imetokana na kukubali majibu duni zaidi, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya bila kielekezi.

Tofauti hii imeonekana katika utafiti. Waliounda RouteLLM mwaka 2024 walifunza vielekezi vyao kwa data ya Chatbot Arena, ambako watu hulinganisha majibu ya modeli mbili na kuchagua lililo bora. Vilipojaribiwa kwa maswali ya mtihani wa MMLU, vielekezi vilivyofunzwa kwa data hiyo pekee havikuwa na nafuu ya maana kuliko bahati, kwa kuwa maswali hayo hayakufanana na yale viliyofunzwa nayo. Hali ilibadilika baada ya kuongezewa mifano michache ya aina ya mtihani wenyewe. Ninawasifu kwa kuuweka mstari wa nasibu ndani ya michoro yao. Bila mstari huo, udhaifu ule usingeonekana.

Kuna upotofu mwingine, nao umo katika urefu wa majibu. Watoa huduma hutoza kwa tokeni, vile vipande vidogo vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika. Hawatozi kwa swali. Maswali magumu mara nyingi huleta majibu marefu. Ikiwa yale 400 katika mfano wetu yanagharimu mara tatu ya mengine, modeli kubwa peke yake ingetoza 36,000, na mgawanyo wetu ungetoza 24,600. Kiasi kilichookolewa ni kilekile, 11,400, lakini sasa ni kama asilimia 32 ya gharama. Anayehesabu maswali badala ya tokeni atamwahidi mhasibu wake akiba ambayo ankara haitaionyesha.

Kwa watumiaji wa Kiswahili matatizo haya huzidi. Sentensi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa katika tokeni nyingi kuliko sentensi ya Kiingereza yenye maana ileile. Zaidi ya hapo, wepesi wa swali hautokani na swali peke yake. Hutegemea kama modeli ndogo inaliweza. Kuuliza muda wa kisheria wa kukata rufaa ya ardhi ni swali fupi, na kielekezi kilichozoea Kiingereza kinaweza kulipima kwa ufupi wake na kulituma kwa modeli ndogo, ambayo itajibu kwa Kiswahili fasaha lakini itataja muda usio sahihi. Wastani wa lugha zote utalificha kosa hilo.

Njia ya kuligundua ina gharama, na gharama hiyo lazima iingie katika hesabu. Sehemu ndogo ya maswali yaliyopewa modeli ndogo, iliyochaguliwa kwa nasibu, ipelekwe pia kwa kubwa, kisha msomaji anayeijua mada alinganishe majibu bila kuambiwa lipi limetoka wapi. Matokeo yatenganishwe kwa lugha na kwa aina ya swali. Pale ambapo kielekezi hakiishindi bahati, kama huenda ikawa kwa maswali ya sheria ya Kiswahili, maswali hayo yote yapelekwe kwa modeli kubwa, na asilimia ya akiba ishushwe katika ripoti.