Turubai Lisilo la Msiba

Ukipita mtaani Dodoma ukakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba, na viti vya plastiki vimepangwa chini yake, swali la kwanza linalokujia ni moja tu: nani kafariki? Hata bodaboda hupunguza mwendo. Turubai letu ni la kazi zote, lakini msiba ndio unaolitumia kuliko shughuli nyingine, basi jicho limeshazoea. Ndiyo maana nyumba inayompokea mtu anayetoka Makka haiwezi kufunga turubai ikaishia hapo. Lazima mlango useme kitu. Yaliyowekwa mlangoni, yaani matawi, vitambaa na bango, ndiyo yanayomwambia mpita njia kwamba hapa mtu hajaondoka, mtu amerudi.

Nimekuwa nikiufikiria mlango huo tangu Juni 2025, nilipokwenda kumpokea mama wa rafiki yangu, pale Chang'ombe, Dodoma mjini. Kadiri ninavyousoma, ndivyo ninavyoona kwamba kufanana kwa turubai la Hija na la msiba si suala la uhaba wa vifaa peke yake. Kuna historia ndani yake.

Tuanze na kuondoka. Anayekwenda Hija hufanya mambo yaleyale ambayo mtu anayejua anakufa angeyafanya. Hulipa madeni. Huandika wasia. Huzunguka kwa ndugu na majirani akiomba radhi, "nisameheni nilipowakosea". Kisha mwanamume akifika huko huvua nguo zote zilizoshonwa, hujifunga shuka mbili nyeupe za ihramu, ambazo hakuna asiyeona zinavyofanana na sanda. Kwa wazee wetu kufanana huku hakukuwa mfano wa kuhubiria tu. Safari yenyewe iliua.

Uwanda huu wa kati ulikuwa njia ya misafara kabla haujawa makao makuu ya chochote. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo ikilipa hongo kwa watemi waliokuwa na maji. Uislamu ulipanda bara kwa njia hizo, ukaota mizizi kwenye vituo kama Kondoa, ambako hadi leo Warangi wengi ni Waislamu, wakati upande wa Ugogo wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameshajenga Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Sasa fikiria mtu wa Kondoa wa zama hizo aliyenuia Makka. Ateremke pwani kwa miguu, wiki kadhaa. Angoje chombo Zanzibar. Apite Bahari ya Shamu, ambako kuanzia mwaka 1882 mahujaji waliotokea upande wa kusini walishushwa kisiwa cha Kamarani kukaa karantini kwa hofu ya kipindupindu. Baada ya hapo ndipo afike Jidda, na safari ya kurudi bado hajaianza.

Reli ya kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ilipunguza mateso ya bara lakini haikuondoa fumbo la tarehe. Aliyebaki nyumbani hakujua mtu wake atashuka lini, wala kama atashuka. Mapokezi ya namna hiyo hayawezi kuandaliwa wiki moja kabla. Yanafanywa kwa kilichopo, kwa saa chache, habari ikishafika kwamba fulani ameonekana: matawi ya mti ulio karibu, khanga mpya iliyokuwa sandukuni, jamvi la jirani. Hata leo, penye pesa na pasipo pesa, mlango wa hujaji umebaki na sura hiyo ya kitu kilichofanywa kwa haraka na furaha.

Turudi Chang'ombe. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024, wakati mahujaji wengi wa mwaka huo wameshafika makwao, kwa hiyo msimu wa 2025 ulikuwa wa kwanza ambao mtu angeweza kutua Dar es Salaam kutoka Hija na kupanda treni hiyo mpaka Dodoma. Familia ilikuwa na tarehe, ilikuwa na saa. Vijana walisimamisha nguzo mbili za miti pande zote za mlango wa mbele, wakazifunga matawi ya mwarobaini, maana Dodoma hatuna mnazi wa kukata makuti, na mwarobaini uko kila ua. Juu ya matawi wakaning'iniza satini nyeupe na ya kijani. Maua ya bogenvilia yalichomekwa mwisho kabisa, alasiri, kwa sababu yakichomekwa asubuhi jua linayakausha kabla mgeni hajafika.

Nafasi kati ya nguzo ilipimwa makusudi. Watu wanne walitakiwa waweze kusimama sambamba pale, kwa sababu mlango ndio mahali pa tendo lenyewe. Anayerudi hupitia kwanza msikitini kuswali rakaa mbili, kama Mtume alivyokuwa akifanya akitoka safari. Akifika nyumbani haingii moja kwa moja. Husimama kizingitini, huinua mikono, huwaombea dua waliokuja, nao huitikia "amin". Ipo riwaya inayohimiza kumsalimia hujaji na kumwomba akuombee maghufira kabla hajaingia nyumbani kwake. Wanazuoni wengi wa hadithi wanaiona dhaifu, lakini desturi imeikumbatia riwaya hiyo kwa nguvu zote, na ndiyo inayowafanya watu wakimbilie kuwahi mlangoni badala ya kungoja chakula. Pambo lolote linaloziba mlango, hata liwe zuri namna gani, limeharibu shughuli.

Bango ndilo lililoleta mjadala. Mtoto wa kiume alitaka picha ya mama yake kando ya Kaaba, na juu yake maneno makubwa ya Kiarabu yanayoanza na "Mashaallah". Mjomba wake, ambaye ni ustadhi, alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni ile inayotarajiwa: ibada si ya kutangaziwa sura, riya huanza kidogokidogo. Ya pili ilinishangaza kwa jinsi ilivyo ya kivitendo. Alimuuliza, "Baada ya siku tatu hili bango litakwenda wapi, mjomba?" Sote tunajua linakokwenda. Bango la plastiki halitupwi Tanzania. Linafunika banda la kuku, linazibia dirisha lisilo na kioo, linatandikwa chini kuanikia mahindi. Jina la Mwenyezi Mungu haliwezi kwenda huko. Wakakubaliana: Kiarabu kitoke, picha itoke, ibaki Kaaba iliyochorwa ndogo pembeni na maneno "Karibu Nyumbani Hajati, Hija Mabrura". Hilo la mwisho ni dua ya kwamba Hija iwe imekubaliwa, na halina jina lolote la kuchunga.

Kuna adui mwingine wa bango ambaye watu wa pwani hawamjui: upepo wa kiangazi cha Dodoma. Juni mpaka Agosti unavuma mkavu, una vumbi, na bango lililokazwa ngangari hupasuka kwenye matundu ya kamba ndani ya usiku mmoja. La Chang'ombe lilifungwa kamba nne zenye ulegevu kidogo, likapasuliwa vijidirisha vitatu vya nusu duara ili upepo upite. Maputo yaliyofungwa asubuhi hayakubaki hata moja kufikia adhuhuri, na watoto walilia kama wamefiwa kweli.

Lakini Hija haikai msimu mmoja. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mapokezi yanazunguka kalenda yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Sikukuu ya kuchinja ya 2007 na ile ya 2008 ziliangukia Desemba, mahujaji wakarudi Dodoma katika miezi ya mvua, na turubai wakati huo lilikuwa la kuzuia maji. Mwaka 2025 lilikuwa la kuzuia umande na baridi, maana mgeni alichelewa. Ndege ilikawia, treni ya mchana ikampita, akaingia saa tatu usiku. Wageni waliokuja saa tisa walikuwa wameshakula pilau, kilo 10 za mchele kwa watu kama 70, na wengine wameshaaga wakarudi tena na majaketi.

Wanaume walikaa kwenye viti nje, wanawake kwenye mikeka ndani na ukumbini. Hapakuwa na jukwaa wala kiti cha enzi. Mama alipomaliza dua mlangoni alikwenda kukaa mkekani, mgongo ukutani, na watu wakawa wanapita mmoja mmoja: "Shikamoo Hajati, pole na safari." Alikuja na dumu moja la zamzam la lita 5. Ukigawa lita 5 kwa watu 70 kila mmoja anapata kama funda tatu, basi yalimiminwa kwenye vikombe vidogo vya kahawa na kila mtu akaambatanishiwa tende moja. Majirani wawili Wakristo, mmoja mama mchungaji, walipewa vilevile. Hawakuuliza taratibu. Walikuwa wamekaa chini ya turubai hilohilo miaka miwili nyuma, baba mwenye nyumba alipofariki, na walijua mahali vikombe vinapowekwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hulia kwenye mapokezi haya. Hatari haijaisha kwa kuwa ndege zipo. Katika msongamano wa Mina wa Septemba 2015 Watanzania walikuwa miongoni mwa waliofariki, na joto la 2024 liliua mahujaji zaidi ya 1,300 wa mataifa mbalimbali, kwa hesabu ya serikali ya Saudia yenyewe. Mama yule alikuwa na miaka 68. Watoto wake walikuwa wamesikia wasia wake ukisomwa mwezi Mei.

Misri, nyumba ya hujaji huchorwa ukutani: Kaaba, ndege au meli iliyompeleka, jina na mwaka, na michoro hukaa mpaka jua liifute. Katika mji mkongwe wa Jerusalem pia utakuta milango iliyopakwa rangi ya namna hiyo. Kwetu uwanda wa kati hakuna kinachobaki ukutani. Siku ya tatu vijana walifungua kamba, viti vikahesabiwa kimoja kimoja, matawi makavu ya mwarobaini yakapewa mbuzi wakayakataa. Bango likakunjwa. Turubai lilichukuliwa jioni hiyohiyo na gari la mwenye nalo, kwani lilikuwa linasubiriwa mtaa wa pili, na huko hapakuwa na haja ya kuandika chochote mlangoni.