Basi, Sasa, Bwana: Vineno Vidogo na Heshima ya Msemaji katika Tafsiri ya Kiingereza

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja na baadaye akawa askofu, alichapisha London kitabu cha sarufi ya Kiswahili na, mwaka huohuo, mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Hadithi hizo alizipanga Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaouelekea. Mpangilio huo ulimkabili na tatizo ambalo kila mfasiri wa mazungumzo yetu hukutana nalo mpaka leo: msimulizi wa Unguja haendi mbali bila kusema "basi".

Steere alilijibu kwa busara. Katika sarufi yake alieleza kwamba neno hilo maana yake ni "yatosha", lakini likianzisha sentensi hubadilika na kuwa kiungo cha kupeleka habari mbele. Yaani alitambua mapema kwamba mahali neno linapokaa ndipo panapoamua kazi yake. Asili ya neno ni Kiajemi, na Wahindi nao wanalo kwa maana ileile ya kutosha. Kwetu, kile kilichokuwa tamko la kukomesha kimekuwa pia tamko la kuanzisha. Wala hakuna ajabu, kwa maana anayesema "basi" mwanzoni mwa sentensi huifunga ile iliyopita ili afungue nyingine.

Neno "bwana" ndilo lenye historia nzito zaidi. Katika Unguja ya zama za Steere lilikuwa la mwenye watumwa, mwenye nyumba na mtu mkubwa. Wakati wa ukoloni likabandikwa kwa afisa: bwana shauri, bwana disii. Waandishi wa Kiingereza waliokuja kuwinda na kutawala waliliacha lilivyo katika vitabu vyao, likitoka daima kinywani mwa mtumishi kumwelekea Mzungu. Ndivyo msomaji wa Kiingereza alivyolijua, na wengi hawajapata nafasi ya kulijua kwa namna nyingine.

Huku kwetu, hata hivyo, neno liliendelea na safari zake. Katika Biblia ya 1952 ni jina la Mungu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, "ndugu" lilichukua nafasi ya "bwana" kama neno la heshima ofisini na mikutanoni. Lakini lile "bwana" la mazungumzo halikuguswa na azimio lolote. Jumapili mtu wa Mwika humwomba Bwana kanisani, na siku ya soko mama mmoja humwambia mama mwenzake, "Acha bwana, ndizi hizi haziuzwi bei hiyo." Neno linaloweza kuambiwa mwanamke, au mtoto, bila mtu kushangaa, limekwisha kuvua cheo. Wachaga hatuwezi kuliona hilo kuwa geni. "Mangi" alikuwa mtawala wa nchi. Utawala wa machifu ulipofutwa baada ya uhuru, neno lilishuka mlimani likaenda mjini, na leo mteja wa Dar es Salaam humwita hivyo muuza duka yeyote anayemdhania kuwa Mchaga.

Hapo ndipo penye hatari kwa mfasiri. Tuchukue mazungumzo ya wazee wawili wa rika moja, wanaokutana kwenye mfongo unaoleta maji mashambani mwao:

— Sasa bwana, mbona maji hayajafika kwangu?
— Yatafika bwana. Zamu yako ni kesho.
— Kesho? Jana uliniambia leo!
— Basi, chukua jioni hii.
— Haya basi.

Mfasiri akiliacha "bwana" lilivyo, msomaji wa Kiingereza atasikia watumishi wawili. Akiandika "masta" au "sa", mambo yatazidi kuharibika, kwa kuwa mmoja atakuwa anamwinamia mwenzake. Akikimbilia "men" la vijana wa Marekani, wazee wetu watakuwa wamehamishwa kutoka kwenye mfongo wa Mwika hadi kwenye kona ya mtaa wa ng'ambo. (Maneno ya Kiingereza nayaandika kama masikio yetu yanavyoyapokea.) Wazee hawa ni sawa kwa umri na kwa haki ya maji, na tafsiri inayowapotezea usawa huo imepotosha shauri lenyewe.

Tuulize basi kila kineno kinafanya nini. "Sasa" la kwanza si la wakati. Jaribio lake ni rahisi: weka "wakati huu" mahali pake. "Wakati huu bwana, mbona maji hayajafika?" Sentensi imekuwa ngeni, kwa hiyo neno halikuwa la saa. Kazi yake ni kutangaza kwamba salamu zimekwisha na lawama inakuja. Kiingereza kina "nau" lenye kazi kama hiyo mwanzoni mwa sentensi, na hapa bahati imetusaidia. Lakini "sasa" likija peke yake kama salamu, kama vijana wa Nairobi wanavyoamkiana, "nau" halitafaa hata kidogo. Hapo ni neno la kujuliana hali.

"Bwana" la kwanza linalainisha lawama: nakulaumu, ila sikugombezi. Kiingereza hulainisha kwa njia nyingine, na mara nyingi inatosha kuweka jina la anayeambiwa. "Bwana" la pili linaomba subira. Hapo naona heri kulidondosha, na subira yake kuihamishia katika kitenzi: badala ya kuandika kwa ukavu kwamba maji yatakuja, mfasiri aandike kwamba hayana budi kuja, asihofu. Neno limetoweka, kazi yake imebaki.

"Basi" la mzee wa pili ndilo moyo wa mazungumzo. Kwa neno hilo anakubali kwamba ameshindwa hoja, bila kulazimika kukiri. Likiondolewa, "chukua jioni hii" inakuwa amri. Kiingereza kinalo "ol raiti den", na ni vema litumike hapo, lisitapanywe kwingine. "Haya basi" ya mwisho inafunga shauri. Jibu fupi la neno moja litatosha, kwa sababu ufupi wenyewe hufunga.

Tumetumia vineno vitano vya Kiswahili, na Kiingereza kimepata vitatu au vinne. Hiyo si hasara. Hasara ni kugawa neno moja la Kiingereza kwa kila "basi" linalotokea, kama anayegawa mbegu mashimoni.

Wapo watakaosema njia salama ni kufuata asili ya neno. "Aisee", lililo kitambulisho cha Moshi na Arusha, linawajibu. Asili yake ni Kiingereza chenyewe: "ai sei", tamko la Waingereza wa zamani la kushangaa au kumwita mtu asikilize. Kijana wa Mwika akisema, "Aisee, baridi ya leo!", ukamrudishia Mwingereza tamko lake, kijana atageuka kuwa kanali mstaafu mwenye masharubu. Neno limeondoka kwao, limelelewa kwetu, na haliwezi tena kurudi nyumbani na nguo zilezile.

Kwa hiyo mfasiri akimaliza ukurasa, asihesabu vineno vilivyopotea. Amsomee mtu asiyejua Kiswahili, kisha amwulize: kati ya hawa wawili, nani mkubwa, na nani amekubali kushindwa? Kama jibu ni lile ambalo wazee wale wangelitoa wenyewe, tafsiri imesimama.