Tabaka la Mikwaruzo

Mafundi wengi huliita "lipu ya kwanza", na kwenye ukuta wa tofali jina hilo linatosha. Linapotosha kwenye zege, kwa sababu huko kuna kazi nyingine inayotangulia. Kwa hiyo nachagua "tabaka la mikwaruzo": lipu ya milimita 8 hadi 12 ambayo, ikishaanza kushika lakini kabla haijawa ngumu, huchanwa mistari ili tabaka la juu lipate pa kung'ang'ania.

Unene huo una sababu. Lipu husinyaa inapokauka, na ikipigwa nene kwa mkupuo mmoja, tuseme zaidi ya milimita 15, huteremka kwa uzito wake ikiwa mbichi, kisha hupasuka na kujibandua ikikauka. Ukuta uliopinda na kudai milimita 25 upigwe mara mbili, na tabaka la juu lisizidi la chini kwa saruji. Chini ukiweka ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, juu weka moja kwa tano au sita. Tabaka kali likiwa juu ya dhaifu, husinyaa likalibandua.

Sasa tazama dari la slabu iliyomwagwa juu ya plaiwudi laini iliyopakwa oili. Tofali hunyonya maji ya lipu, na chembe za saruji huingia pamoja nayo katika vinyweleo vyake na kugandia humo. Zege hili halinyonyi karibu chochote, halina mkwaruzo, na oili imebaki usoni. Lipu ya milimita 25 ina uzito wa kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba, na yote inaning'inia. Ikianguka, geuza kipande: mgongo wake ukiwa laini kama ulivyo uso wa plaiwudi, ujue haikuwahi kushika. Kuongeza saruji hakusaidii, kunazidisha kusinyaa.

Dawa ni kusugua oili kwa brashi na sabuni, kusuuza, kisha kuligonga zege kwa patasi hadi uso uwe na vidonda vingi. Hapo ndipo linapokuja tabaka la kurusha: sehemu moja ya saruji kwa moja na nusu hadi mbili za mchanga mnene, uji mzito unaotupwa kwa mwiko kwa nguvu na kuachwa na vinundu vyake. Usiusawazishe! Unyunyiziwe maji siku moja au mbili, na ukikwaruzwa kwa kisu usimomonyoke, ndipo tabaka la mikwaruzo lipigwe.

Lipu ya zamani ichunguzwe kwa mpini wa nyundo. Panapolia mvungu pameachana, hata kama hapana ufa. Na slabu ikiwa imenyooka, mimi ningeacha lipu kabisa, nikaziba matundu na kupaka skimu nyembamba.