Fraksio mu kitabu cha mtoto: namna mzazi anaweza kusaidia devwari ya nyumbani

Jioni mu Likasi, wakati bukari iko karibu kuiva, mtoto anafungua kitabu cha kalkili na kaye yake juu ya meza. Mu ukurasa kuna duara zilizokatwa sawa vile mikate, zingine zimepakwa rangi, na pembeni kuna namba mbili zimepandana, mstari mumoja katikati. Mzazi anaangalia, anakumbuka kama yeye pia alisoma hiyo zamani, lakini namna ya kueleza inamupotea.

Shida moja ni lugha. Kwa kanuni, mu masomo ya msingi ya Kongo, kalasi ya 1 na ya 2 zinafundishwa mu lugha ya nchi, kwetu Kiswahili, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Fraksio zinapoanza kufundishwa kwa nguvu, mtoto anazikuta mu Kifaransa, na nyumbani watu wanaongea Kiswahili. Lakini jambo lenyewe si la Kifaransa. Ni kugawanya kitu, na kila nyumba inajua kugawanya.

Namba mbili, kazi mbili

Mu kitabu mstari wa fraksio umelala, namba moja juu, ingine chini. Hapa tutaandika 3/4: 3 njo ya juu, 4 njo ya chini.

Namba ya chini, ile mwalimu anaita denominatere, inasema kitu kizima kimekatwa vipande ngapi vilivyo sawa. Namba ya juu, nimeratere, inasema tumechukua vipande ngapi. Basi 3/4 ya mkate maana yake: mkate umekatwa vipande 4 sawasawa, tumechukua 3.

Neno la kuchunga hapo ni «sawasawa». Mu kurasa za kwanza, mara nyingi kitabu kinaweka mchoro mumoja wa mtego: umbo limekatwa mara tatu, lakini kipande kimoja ni kikubwa kuliko vingine. Mtoto anahesabu haraka vipande 3, kimoja kina rangi, anaandika 1/3. Ni makosa, kwa sababu vipande haviko sawa. Mzazi amuulize paka swali moja: «Kama hii ni mkate, na kila mtu anapata kipande kimoja, kuna mwenye atalalamika?» Kama kuna mwenye atalalamika, huo mchoro hauonyeshi 1/3.

Majina nayo yanachanganya. Tunayaandika hapa vile yanasikika: 1/2 ni «demi», 1/3 ni «tieri», 1/4 ni «kari». Hayo matatu ni ya kukariri, sababu hayafanani sana na namba zake. Kuanzia 1/5 njia inanyooka: mtoto anachukua namba na kuongeza «iemu» mwishoni, «senkiemu», «siziemu», «setiemu». Lakini «senkiemu» ni pia jina la kalasi ya 5, na la mtu wa tano mu mstari. Mtoto anaweza kufikiri kama 1/5 ni kipande cha tano, cha mwisho. Hapana. Ni kipande chochote kimoja mu vipande 5.

Kamba ya viraba 12

Kwa kurasa zinazofuata, kifaa kimoja kinatosha. Kama mtoto iko na kaye ya karo, achore mstatili mrefu wenye viraba 12, kimoja nyuma ya kingine. Kama kaye yake ni ya mistari tu, achukue lati, achore mstatili wa sentimetre 12, na kila sentimetre iwe kiraba kimoja. Huo mstatili wote njo kitu kizima. Tuuite kamba.

Kwa nini 12? Kwa sababu 12 inagawanyika bila baki kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Nusu ya kamba ni viraba 6. 1/3 ni viraba 4. 1/4 ni viraba 3. 1/6 ni viraba 2. Mtoto achore kamba nne, moja chini ya ingine, zote za urefu mumoja, na kila moja apake rangi fraksio yake.

Sasa kosa linaloonekana sana linajifungua lenyewe. Kitabu kinauliza: kati ya 1/3 na 1/4, kubwa ni gani? Mtoto anasema 1/4, sababu 4 inapita 3. Aangalie kamba: 1/3 iko na viraba 4, 1/4 iko na viraba 3. Mkate ukigawanywa kwa watu 4, kila mtu anapata kidogo kuliko ukigawanywa kwa watu 3. Kama namba ya juu ni moja pande zote mbili, namba ya chini ikikua, kipande kinapungua.

Lakini kamba lazima ziwe na urefu mumoja. Nusu ya mkate mdogo inaweza kuwa ndogo kuliko 1/3 ya mkate mkubwa. Fraksio mbili zinalinganishwa paka kama zinakata kitu kimoja ao vitu vya kipimo kimoja.

Kamba hiyo hiyo inaonyesha pia fraksio zenye majina tofauti na ukubwa mumoja. 1/2 ni viraba 6. 2/4 ni viraba 3 mara mbili, tena 6. 3/6 ni viraba 2 mara tatu, tena 6. Kwa hiyo zoezi la kujaza namba inayokosekana, sawa vile 1/2 = …/4, si uchawi. Vipande vimekatwa mara mbili zaidi, basi vinachukuliwa mara mbili zaidi. Namba ya juu na ya chini zinazidishwa kwa namba moja.

Fraksio ya hesabu ya vitu

Ukurasa mwingine unauliza: 3/4 ya franka 2000 ni ngapi? Kazi iko na hatua mbili, na kila hatua inatoka mu namba moja ya fraksio. Namba ya chini inasema kukata: 2000 kugawanya kwa 4, inakuwa 500. Namba ya juu inasema kuchukua: 500 mara 3, inakuwa 1500.

Mtoto anayegeuza hatua anagawanya kwa 3 na kuzidisha kwa 4, anapata zaidi ya 2600. Mzazi anaweza kutambua kosa hata bila kufanya hesabu: mama aliyebeba franka 2000 sokoni na kutumia 3/4 hawezi kutumia zaidi ya 2000. Kama namba ya juu ni ndogo kuliko ya chini, jibu lazima liwe dogo kuliko kitu kizima.

Kujumlisha: mfano wa jioni moja

Tuchukue mama mumoja wa Kikula na mtoto wake wa kalasi ya 5. Devwari inasema: 1/2 + 1/3. Mtoto ameandika 2/5. Amejumlisha za juu, 1 na 1, kisha za chini, 2 na 3.

Mama hamwambii mara moja kama ni makosa. Anasema: «Papa, nionyeshe nusu kwa kamba.» Mtoto anapaka viraba 6. «Ongeza 1/3.» Anapaka vingine 4. Vimekuwa 10 mu 12. Kisha mama anauliza: «Na 2/5 yako, inapita nusu ao haipite?» Nusu ya 5 ni mbili na nusu, basi 2 mu 5 haifike nusu. Mtoto ananyamaza. Alikuwa na nusu, ameongeza kitu juu yake, na jibu limekuwa dogo kuliko nusu. Haiwezekani.

Sababu ya kosa ni kwamba namba ya chini haihesabu vitu. Inataja aina ya kipande. Nusu na 1/3 ni vipande vya ukubwa tofauti. Hatuwezi kuvijumlisha mbele ya kuvikata vyote kwa ukubwa mumoja. Kile njo mwalimu anaita kutafuta denominatere moja. Nusu ikikatwa kwa vipande vya 6 ni 3/6. 1/3 ikikatwa vile ni 2/6. Sasa aina ni moja: vipande 3 na vipande 2 vinafanya vipande 5, na aina inabaki ya 6. Jibu ni 5/6. Kwa kamba, 5/6 ni viraba 2 mara 5, sawa na 10, hesabu ile ile mtoto alipaka. Mtoto anafuta 2/5, anaandika 5/6, na kamba anaiacha pembeni ya kaye ili mwalimu aione.

Kama denominatere ziko sawa tangu mwanzo, sawa vile 2/7 + 3/7, hakuna cha kubadilisha: vipande 2 na vipande 3 ni vipande 5, 5/7. Namba ya chini haijumlishwe hata siku moja.

Mwisho wa kamba ya 12, na mwisho wa kazi ya mzazi

Kamba ya viraba 12 haisaidii kwa 1/5, sababu 12 haigawanyike kwa 5. Mtoto achore ingine. Kwa 1/5 na 1/2, viraba 10 vinatosha. Kwa 1/5 na 1/3, viraba 15. Kwa 1/5 na 1/4, viraba 20. Anatafuta namba inayogawanyika kwa denominatere zote mbili, na kwa kufanya vile, tayari anatafuta denominatere moja vile mwalimu anataka.

Kuna pia jambo la njia. Mzazi anaweza kuwa alifundishwa njia fupi ya zamani, na mwalimu wa leo anataka kwanza mchoro. Mbele ya kuonyesha yake, mzazi aseme: «Onyesha vile mwalimu alifanya mu kalasi.» Mtoto akiweza kuanza, aendelee mu njia ile. Akishindwa kabisa, ni vizuri kuacha zoezi pale lilipofika, na jaribio lake libaki mu kaye bila kufutwa. Mwalimu akiona 2/5, anajua mara moja mtoto amekwama wapi. Akikuta 5/6 iliyoandikwa na mkono wa mzazi, hawezi kujua chochote.