Mnunuzi Aliyekuwa Mwanahisa: Mipaka ya Dhima ya Mkaguzi wa Hesabu katika Shauri la Caparo, 1984–1990

Shauri la Caparo dhidi ya Dickman, lililoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwezi Februari 1990, lilihusu swali linaloonekana jepesi: mkaguzi anapoidhinisha hesabu zisizo sahihi, ni nani anayeweza kumdai fidia?

Kampuni ya Fidelity ilitangaza mwezi Mei 1984 kwamba ilikuwa imepata faida ya pauni milioni 1.3 kabla ya kodi. Hesabu hizo zilikuwa zimekaguliwa na kampuni ya Touche Ross. Mwezi Juni, Caparo ilianza kununua hisa za Fidelity, na baadaye katika mwaka huohuo ikaitwaa kampuni yote. Kisha ikadai kwamba thamani ya bidhaa ghalani ilikuwa imekuzwa, na kwamba hesabu za kweli zingeonyesha hasara ya zaidi ya pauni 400,000. Madai hayo hayakuthibitishwa katika hatua hiyo. Mahakama iliyachukulia tu kuwa kweli ili kuamua kwanza kama wajibu wa uangalifu ulikuwapo.

Ugumu wa shauri ulitokana na nafasi mbili za Caparo. Iliponunua hisa za kwanza ilikuwa mtu wa nje. Ilipoendelea kununua ilikuwa tayari mwanahisa. Mahakama ya Rufaa ilizitenganisha nafasi hizo: ilimnyima haki mnunuzi wa nje, lakini ikampa mwanahisa. Baraza la Malodi lilikataa zote mbili.

Hoja ya Malodi ilijengwa juu ya dhumuni la ukaguzi. Sheria ya makampuni inaagiza ukaguzi ili wanahisa, kwa pamoja, waweze kuwasimamia wakurugenzi katika mkutano mkuu. Haikusudii kumwongoza mtu katika biashara yake ya hisa. Kwa hiyo mwanahisa anayenunua hisa zaidi hana tofauti na mgeni. Kwamba mkaguzi angeweza kutabiri ununuzi huo hakutoshi. Sharti ajue kwamba taarifa yake itamfikia mtu au kundi linalojulikana, kwa shughuli inayojulikana, na kwamba mpokeaji yaelekea ataitegemea.

Uamuzi huo haukumwachia mkaguzi mzembe njia huru. Wajibu wake kwa kampuni, unaotokana na mkataba, ulibaki, na kampuni iliyopata hasara kwa uzembe wake ingeweza kumshtaki. Hata hivyo, pengo lipo. Hasara ya Caparo, yaani kulipa bei kubwa kuliko thamani, haikuwa hasara ya Fidelity. Fidelity haikupoteza chochote hisa zake zilipouzwa ghali, hivyo haikuwa na dai la aina hiyo. Ndiyo maana mwekaji mtaji aliyepotoshwa na hesabu za namna hii alibaki bila mdai wa kumsemea, isipokuwa mkaguzi alijua kwamba taarifa yake ingemfikia kwa ajili ya ununuzi huo na kwamba yaelekea angeitegemea.